Nimepewa watu wazima 11 niwafundishe Excel kwa wiki 6 hapa Kigoma, wengi hawajawahi kushika kipanya. Mtiririko wangu huu hapa, ukosoeni

Mwanga_Sokoni

Wakuu habari za jioni. Kuna kikundi hapa Mwanga kimeniomba niwafundishe Excel, Jumatano na Jumamosi jioni, masaa mawili mawili, kwa wiki 6. Ni mchanganyiko: kina mama wa dagaa wa Kibirizi, wauza mawese, waweka hazina wawili wa vikoba, fundi cherehani na mzee mmoja mstaafu. Kompyuta ziko 5. Wote wanajua kusoma na kuandika, na hesabu za kichwani wananishinda mimi.

Nimepanga hivi: wiki ya 1 historia na sehemu za kompyuta, ya 2 menyu zote za juu, ya 3 rangi, mipaka na maandishi, ya 4 fomula, ya 5 grafu, ya 6 mtihani. Naombeni maoni kabla sijaanza Jumamosi.

mkasulu77

Mkuu ada ni kiasi gani, na mnatoa cheti? Nina kijana wangu yuko Kasulu kamaliza kidato cha nne.

Mwanga_Sokoni

@mkasulu77 si chuo ndugu yangu, ni kikundi cha watu wazima, hakuna ada wala cheti.

Mhasibu_wa_Mwalo

Mwanga_Sokoni, kwa mtiririko huo mama wa dagaa atakaa wiki 3 bila kuona hata jumla moja ya biashara yake. Wiki ya pili atakuwa ameshabaki mwaloni. Historia ya kompyuta itupe. Menyu zote za juu hata mimi sizijui, na kazi yangu ni hesabu.

Mimi ningefunga kozi nzima kwenye daftari moja. Chagua biashara moja, tuseme mawese kwa madumu ya lita 20, uandae ukurasa mmoja wa mauzo wenye mistari kama 20, uutoe kopi. Darasa zima linafanyia kazi ukurasa huo huo kutoka wiki ya 1 hadi ya 5, kisha wiki ya 6 kila mtu analeta daftari lake. Kolamu ni 7 tu: A Tarehe, B Mteja, C Madumu, D Bei, E Jumla, F Amelipa, G Deni. Kila mauzo mstari wake, hata kama mteja ni yule yule na siku ni ile ile.

Wiki ya 1 ni kuingiza hiyo data basi. Kubofya seli, kuandika, Enter kushuka, Tab kwenda kulia, Ctrl+Z kurudisha ulichoharibu, Ctrl+S kuhifadhi. E na G waziache tupu. Kipanya chenyewe watakizoea humo humo wakifanya kazi.

Ila kuna kitu kimoja lazima kiingie wiki hiyo ya kwanza, nacho ndicho kinachoangusha wengi: seli ina namba au ina maandishi, na kwa Excel hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Mama ataandika bei kama alivyozoea daftarini, 65,000/=. Kwa macho ni pesa. Kwa Excel ile /= imeshaifanya kuwa maandishi, sawa na jina la mtu. Namna ya kujua ni kuangalia imekaa upande gani: namba yenyewe huegemea kulia mwa seli, maandishi huegemea kushoto. Wafundishe kushuka na kolamu kwa jicho wakitafuta kilichoegemea kushoto. Na kwa sababu hiyo hiyo, wiki mbili za mwanzo usiwafundishe kitufe cha kuweka katikati. Ukishaweka kila kitu katikati, ile dalili umeifuta.

FundiKompyuta_UJJ

Hiyo ya /= mbona ndogo. Unachagua kolamu nzima, unaenda Home, unabadilisha kutoka General kwenda Number, imeisha. Hakuna haja ya kuwatisha watu wiki ya kwanza.

Mhasibu_wa_Mwalo

@FundiKompyuta_UJJ jaribu mwenyewe uone. Ulichobadilisha ni namna namba inavyoonyeshwa. Kilichomo ndani ya seli kimebaki maandishi, na bado kitaegemea kushoto. Inabidi /= yenyewe itoke: chagua kolamu, Ctrl+H, kwenye Find what andika /= na Replace with uache tupu, kisha Replace All. Hapo Excel inazisoma upya na utaziona zinahamia kulia zenyewe.

Ulipo sahihi ni kwamba mwonekano ni kazi ya format. Anayetaka kuiona ile /= yake aende Format Cells, Custom, aweke hii:

```
#,##0"/="
```

Anaandika 65000 tupu, inatokea 65,000/= na bado ni namba. Kina mama wanaipenda hiyo, lakini iache mpaka wiki ya 3.

FundiKompyuta_UJJ

Nimejaribu. Sawa, ya Ctrl+H nakubali. Ila bado nasema wiki ya kwanza ni mapema.

Manyovu_Boda

Samahani naingilia. Mimi kompyuta yangu nilinunua kwa jamaa aliyetoka nayo Bujumbura. Nikiandika 65,000 inabaki 65. Imeegemea kulia kama dada anavyosema. Je ni mbovu?

Mhasibu_wa_Mwalo

@Manyovu_Boda nzima kabisa, imepangwa Kifaransa. Kwenye mpangilio huo mkato ndio unaotenga desimali, kwa hiyo wewe umeandika 65 na sifuri tatu za baada ya desimali, nayo imezitupa. Na kibaya ni kwamba kipimo cha kulia na kushoto hakikushiki hapo, maana 65 ni namba halali. Utaigundua pale tu jumla ya mwezi itakapotoka kama hela ya vocha.

Ndiyo maana darasani sheria yangu ni fupi: andika tarakimu tupu. 65000. Bila mkato, bila nukta, bila Tsh, bila /=. Haijalishi kompyuta imetoka Dar au Bujumbura, itasoma sawa.

Fomula nazo zitakusumbua. Kama Excel yenyewe iko Kifaransa, SUM hapo ni SOMME, na vipande vya fomula hutengwa kwa nuktamkato badala ya mkato. Kabadilishe Region kwenye Windows, weka English (United Kingdom), angalau mikato na tarehe zikae sawa. Mwanga_Sokoni, pita kwenye zile 5 zote kabla ya Jumamosi. Ukiwa na moja ya Kifaransa katikati ya darasa utapoteza jioni nzima.

Mwanga_Sokoni

Kuna moja ya AZERTY kweli! Nilidhani tatizo ni kibodi tu. Dada endelea na wiki zinazofuata.

Mhasibu_wa_Mwalo

Wiki ya 2 ni tarehe na usafi, bado hakuna fomula. Waandike tarehe kwa siku, mwezi, mwaka, halafu waangalie tena kulia na kushoto. Kompyuta ikiwa imepangwa Kimarekani utaona kitu cha ajabu: tarehe 1 hadi 12 zimeegemea kulia, kuanzia 13 zimeegemea kushoto. Sababu ni kwamba yenyewe inatanguliza mwezi. 14/06/2025 imeshindwa, hakuna mwezi wa 14, ikaiacha kama maandishi. Ile 02/06/2025 haikushindwa, imeigeuza Februari tarehe 6 bila kusema neno. Kwa hiyo zile zilizokaa kulia vizuri ndizo za kuogopa zaidi. Tiba ni ile ile ya Region, kisha tarehe zinaandikwa upya.

Wiki hiyo hiyo waonyeshe alama ##### ni kolamu nyembamba tu, hakuna kilichopotea. Wazee hushtuka sana wakiiona. Na Freeze Top Row, ili vichwa vya kolamu visipotee wakishuka.

Wiki ya 3 ndiyo fomula, na ziwe mbili tu. Kwenye E2:

```
=C2*D2
```

na kwenye G2:

```
=E2-F2
```

Kisha washike ile pembe ndogo ya chini kulia ya seli waivute mpaka mwisho. Hapo ndipo darasa huwa linapiga kelele, kwa hiyo usiharakishe. Wafungue E3 waone imejibadilisha kuwa C3*D3. Halafu wabadilishe bei moja waone jumla na deni vinafuata vyenyewe.

Chukua mistari minne ya mfano (bei nimebuni). Mama Zai madumu 3 kwa 65000 ni 195000, amelipa 100000, deni 95000. Duka la Gungu madumu 5 kwa 64000 ni 320000, kalipa yote. Mama Zai tena madumu 2 kwa 65000 ni 130000, kalipa 50000, deni 80000. Baba Neema dumu 1 kwa 66000, hajalipa kitu. Jumla ya mauzo 711000, kilicholipwa 470000, deni 241000. Wazifanye kwanza kwa kalkuleta au kichwani, waandike pembeni. Mtu mzima haiamini mashine mpaka ikubaliane na kichwa chake, na ana haki.

Sasa mharibie mtu bei moja makusudi, weka ile 65,000/= kwenye D2. E2 itatoa #VALUE!. Waambie hilo kosa ni rafiki, limepiga kelele. Baya ni lile linalonyamaza: mtu aliyejaza E na G kwa mkono bila fomula, E2 akaandika 195,000/=, halafu akajumlisha kolamu E. SUM inaruka maandishi kimyakimya, inakupa 516000, na hakuna alama yoyote ya kosa. Laki moja na tisini na tano zimeyeyuka na karatasi inaonekana safi.

Mnyamwezi_Asali

Hii imenigusa. Sisi huku Sikonge tuna kikundi cha asali, katibu wetu anaweka jumla chini ya mstari wa mwisho kila mwezi. Akipata ndoo mpya anaiandika chini ya jumla, halafu anatengeneza jumla nyingine chini yake. Mwisho wa msimu tulikuwa na asali mara mbili ya tuliyorina. Nyuki wetu wana bidii lakini si kiasi hicho.

Mhasibu_wa_Mwalo

@Mnyamwezi_Asali hilo nalo ni la wiki ya 3. Jumla isikae chini ya data, kwa sababu data inakua kwenda chini. Fungua karatasi ya pili humo humo kwenye faili, iite Muhtasari, na ile ya kwanza uiite Mauzo. Kwenye Muhtasari andika:

```
=SUM(Mauzo!E:E)
```

Inachukua kolamu nzima, hata mstari utakaoongezwa mwakani. Kichwa cha kolamu ni maandishi kwa hiyo inakiruka, hapo ile tabia ya kuruka inatusaidia. Ila mtu asiiweke ndani ya kolamu E yenyewe, itaanza kulalamika kwamba inajijumlisha.

bint_Katonga

Naona mnazungumzia kompyuta 5 kwa watu 11. Wote hao si wana simu janja? Google Sheets ni bure, inafanya hata bila bando ukiiwekea, na mama anaondoka nayo mfukoni. Hiyo kompyuta ya darasani ataiona wapi kozi ikiisha? Mimi nauza vitenge, mauzo yangu yote yako kwenye simu.

Mhasibu_wa_Mwalo

Hoja yako ya mwisho ni nzito na sina jibu kamili. Wasiwasi wangu ni kwamba kolamu 7 hazionekani kwa pamoja kwenye kioo cha simu, na huyu anayejifunza inabidi aone bei, idadi na jumla kwa mpigo ili aelewe fomula imechukua nini. Kuvuta ile pembe kwa kidole nako ni mtihani. Nisingeanzia simu. Wiki ya 5 ningewaonyesha.

bint_Katonga

Mimi nilianzia simu na naelewa fomula vizuri tu. Laza simu, kolamu 7 zinaingia.

FundiKompyuta_UJJ

Zinaingia kwa macho yako wewe. Mzee mstaafu je?

Mwanga_Sokoni

Hilo nitaamua nikishawaona. Dada, suala la watu wawili kwa kompyuta moja, mmoja huwa anaishika kibodi mpaka mwisho.

Mhasibu_wa_Mwalo

Mmoja asome daftari kwa sauti, mwingine aandike, wabadilishane kila mistari mitano. Anayesoma ndiye mwenye kazi ya kukagua kulia na kushoto. Usimpe kibodi kwanza yule mwenye vidole vyepesi.

Wiki ya 4 ni kupanga na kuchuja. Kuchuja ni rahisi: Ctrl+Shift+L, kisha chagua Mama Zai peke yake. Kupanga ndiko kwenye hatari. Mtu akichagua kolamu ya majina peke yake akabonyeza Sort, Excel inamuuliza: Expand the selection au Continue with the current selection? Akichagua ya pili, majina yanahama na madeni yanabaki palepale. Baba Neema anaamka na deni la Mama Zai. Fanya hivyo mbele yao kwa makusudi, wasome majina na madeni waone yalivyochanganyika, kisha Ctrl+Z. Sheria: bofya seli moja tu ndani ya data, usichague kolamu, ndipo upange.

Wiki ya 5 ni kujua nani anadaiwa nini. Kwenye Muhtasari, kolamu A waorodheshe wateja kuanzia A2, kila jina mara moja, na kwenye B2:

```
=SUMIF(Mauzo!B:B,A2,Mauzo!G:G)
```

Isome kwa Kiswahili darasani: tafuta kwenye kolamu ya wateja wote walio sawa na jina hili, kisha nijumlishie madeni yao. Mama Zai itatoka 175000. Zivute chini kwa wateja wote.

Na hapa ndipo majina yanapokuja kukuumbua. Herufi kubwa na ndogo haizijali, "mama zai" ataingia tu. Lakini kama kwenye mstari wa tatu mtu aliacha nafasi baada ya jina, ile ambayo haionekani, basi kwake huyo ni mtu mwingine. Mama Zai atatoka na 95000 badala ya 175000, na hakuna kosa litakalotokea. Kwa hiyo kila muhtasari uwe na ukaguzi: jumla ya madeni ya wateja lazima ilingane na jumla ya kolamu G. Hapa wateja wanakupa 161000, kolamu G inasema 241000. Tofauti ni 80000. Sasa nenda Mauzo utafute mstari wenye deni la 80000, ndio huo huo wenye ugonjwa. Tofauti haitakuwa nzuri hivyo kila mara, ikiwa mistari mibovu ni miwili au mitatu itabidi uchuje jina jina. Lakini angalau umejua kuna tatizo.

Wiki ya 6 hakuna somo jipya zaidi ya kuprinti: Landscape na Fit All Columns on One Page, vinginevyo kolamu ya deni itatoka kwenye karatasi yake peke yake. Muda wote uliobaki kila mtu anaingiza mwezi mmoja wa daftari lake. Anajumlisha kwa kalkuleta, anajumlisha kwa Excel, zikipishana anatafuta. Huo ndio mtihani. Grafu waache, hakuna mama Kibirizi aliyeuliza grafu.

Mnyamwezi_Asali

Swali moja. Mama Zai akija wiki ijayo kulipa zile 95000, unarudi mstari wa kwanza unabadilisha 100000 kuwa 195000?

Mhasibu_wa_Mwalo

Hapana, ukibadilisha umefuta historia, akisema alilipa siku nyingine huna cha kumwonyesha. Mstari mpya: tarehe ya leo, Mama Zai, madumu na bei unaacha tupu, Amelipa 95000. Fomula za E na G zinashuka kama kawaida, deni linatoka -95000, na SUMIF inalipunguza yenyewe, anabaki na 80000.

FundiKompyuta_UJJ

Deni la hasi? Mwambie mweka hazina wa kikoba deni ni hasi elfu tisini na tano uone sura yake. Weka karatasi ya tatu ya Malipo, halafu Muhtasari uondoe malipo kwenye deni. Inaeleweka zaidi.

Mhasibu_wa_Mwalo

Inaeleweka, lakini sasa una sehemu mbili za kukosea jina na SUMIF mbili kwa watu wa wiki ya 5.

Mwanga_Sokoni

Waweka hazina ninao wawili darasani. Nitawaonyesha zote mbili kwa deni lile lile la Mama Zai, wachague wenyewe. Nashukuru sana wakuu, Ijumaa napitia zile kompyuta, naanza na hiyo ya AZERTY.

mkasulu77

Kwa hiyo kijana wangu aje?